Kuifinyanga Kazi Uliyonayo: Karani wa Mizani na Gunia Lenye Unyevu



Katika mji wetu wa Songea wako watu wengi wanaofanya kazi wasiyoipenda, na ambao hawana pa kuhamia. Mazungumzo ya leo yanawahusu hao. Hatutazungumzia namna ya kuacha kazi, wala namna ya kuivumilia. Tutazungumzia jambo la tatu, ambalo sisi tutaliita kuifinyanga kazi: yaani mwajiriwa kubaki pale pale, kwa cheo kile kile na mshahara ule ule, lakini akabadilisha kwa mkono wake baadhi ya yale anayoyatenda, na namna anavyohusiana na watu kazini, mpaka kazi ikawa na maana kwake.

Jambo hili lilipewa jina na kuandikwa kitaalamu mwaka 2001 na mabibi wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton. Walikuwa wamewahoji wafagizi wa hospitali moja kubwa. Wote walikuwa na orodha moja ya kazi, na katika orodha ile hapakuwa na neno juu ya wagonjwa. Hata hivyo wafagizi wale walikuwa makundi mawili. Wa kwanza walifagia, wakapiga deki, wakaondoka, na waliiona kazi yao kuwa duni. Wa pili waliongeza mambo ambayo hawakuagizwa. Walipanga muda wa usafi usigongane na kazi ya wauguzi, walizungumza na wagonjwa, na waliwaonyesha wageni njia. Mmoja alikuwa akibadilisha picha ukutani katika vyumba vya wagonjwa waliopoteza fahamu, akitaraji huenda mabadiliko yale yakawafaa. Hawa walijiona kuwa sehemu ya tiba. Hakuna mkuu aliyewapangia hayo.

Ama sisi, tuchukue mfano wa nyumbani. Mkoa wa Ruvuma ni ghala la mahindi la nchi hii, na kila msimu wa ununuzi malori na mikokoteni hupanga foleni mbele ya vituo. Mtu wa kwanza anayekutana na mkulima ni karani wa mizani. Simzungumzii mtu fulani; ni karani yeyote katika kituo chochote. Kazi yake ni kuchukua sampuli, kupima unyevu kwa kifaa, kupima uzito na kuandika stakabadhi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni kwamba unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kifaa kikisoma 16, karani hutamka neno moja tu: rudisha. Mkulima aliyetoka Namtumbo au Madaba kwa gari la kukodi atalipa nauli mara mbili, na hasira yake yote itamwangukia karani. Karani huyu akitukanwa mara kumi kwa siku, si ajabu akaichukia kazi yake.

Je, ana nafasi gani ya kuifinyanga? Kwanza atazame yasiyoguswa. Kile kiwango hakiguswi. Karani anayepitisha gunia la unyevu wa 16 kwa huruma hajaifinyanga kazi, bali ameivunja amana, kwani gunia moja bichi katikati ya shehena hupata joto, huota ukungu, na huyaharibu magunia yaliyo jirani yake. Mizani haiguswi, wala sahihi haiguswi. Utaratibu wa mmoja kupima na mwingine kuandika umewekwa makusudi ili wizi usipate mlango. Makarani wawili wanaoelewana wanaweza kugawana maelezo na foleni, lakini wasigawane sahihi.

Baada ya hayo yanabaki machache, nayo yanatosha. Chanzo cha matusi ni kwamba mkulima anaijua hali ya mahindi yake akiwa amekwisha kulipa nauli. Basi karani anaweza kuiongezea kazi yake jambo moja dogo: kuwafundisha watu kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, tia kijiko kimoja au viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, kisha tia mahindi hadi karibu nusu ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika kadhaa, halafu iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi yarudi kwenye turubai juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya 15. Hapa pana jambo ambalo karani lazima aliseme waziwazi: kati ya 13.5 na 15 chumvi haioni kitu. Mkulima ambaye chupa yake haikuganda aongeze kuanika kabla ya kupakia, na neno la mwisho libaki kuwa la kifaa cha kituo. Karani asipolisema hilo atatukanwa zaidi ya mwanzo, maana sasa ataambiwa amewadanganya watu.

Mafunzo hayo yanahitaji dakika kumi asubuhi, mbele ya foleni, kabla mizani haijafunguliwa. Nasema mbele ya foleni kwa makusudi. Karani anayezungumza na mkulima mmoja nyuma ya ghala, hata akiwa anamfundisha kuanika, watu watasema anapokea chochote.

Kisha kuna lile linalobadilika akilini. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wapatao 20 walifariki. Sumu hiyo hutokana na ukungu, na ukungu hustawi katika nafaka isiyokauka vizuri. Karani anayeyajua haya hajioni tena kuwa bawabu wa kuwafukuza wakulima. Anajua kwamba unga utakaotoka katika ghala lile utaliwa na watoto asiowafahamu. Kazi ni ile ile, lakini neno "rudisha" halina tena uzito ule ule mdomoni mwake.

Utafiti wa mwaka 2010 wa Wrzesniewski na Dutton pamoja na Justin Berg ulionyesha kwamba wafanyakazi wa ngazi ya chini huzuiwa zaidi na matarajio ya wengine, na kwa hiyo hulazimika kwanza kuwapata wenzao na wakuu wao upande wao. Karani wetu asianze kimya kimya. Amweleze msimamizi kwa lugha ya msimamizi: mizigo inayorudishwa inachelewesha foleni. Na awe na daftari, aandike kila siku mizigo mingapi imerudishwa kwa unyevu. Idadi ikipungua baada ya wiki tatu au nne, ana hoja mkononi. Isipopungua, na foleni ikawa ndefu kuliko zamani, basi aliloliongeza linamfurahisha yeye tu, na aliache.

Yako mawili ya kuhadhari. La kwanza, dakika kumi zisiwe saa mbili, mwenzake akabaki kubeba foleni peke yake. La pili, wako wakuu ambao wakiona umejitolea jambo, mwezi wa pili hulifanya wajibu, na wa tatu hukukaripia kwa kulichelewesha. Basi tangu siku ya kwanza aliseme kuwa ni jaribio la msimu mmoja. Na mshahara ukiwa mdogo, au mkataba ukiwa haupo, chupa ya chumvi haitibu hilo. Hayo yana meza yake na watu wake, nayo yadaiwe huko bila kuchanganywa na haya.

Mahindi yetu huanza kuvunwa mwezi wa Mei. Mwenye nia ya kujaribu aitafute chupa yake sasa, na azungumze na msimamizi kabla lori la kwanza halijafika.

Wabillaahi Tawfiiq.