Mihimili Kabla ya Pau: Maswali na Majibu Kuhusu Kusoma Grafu Katika Mtihani

Mada hii inatetea hoja moja: pau hazisemi lolote mpaka mihimili, vizio, skeli na ufunguo visomwe kwanza. Ushahidi wake ni sensa za 2012 na 2022 katika Mkoa wa Dar es Salaam, zikichorwa kwa pau moja kwa kila wilaya iliyokuwepo katika kila sensa.

Swali: Macho yaanzie wapi?
Yaanzie kwenye maandishi ya mihimili. Mhimili wa mlalo unataja wilaya, na wa wima unataja watu. Tuseme juu ya mhimili wa wima pameandikwa "Watu (maelfu)". Pau ya Kinondoni ya 2022 inafika karibu na 980. Anayejibu "watu 980" ameruka kizio. Jibu ni watu 980,000 hivi. Neno "hivi" lina kazi yake: sensa ilihesabu watu 982,328, lakini grafu ambayo sentimeta moja ni watu 200,000 haiwezi kuonyesha tarakimu hizo za mwisho. Kadiria kufikia pale skeli inaporuhusu.

Swali: Kwani urefu wa pau hautoshi kulinganisha wilaya?
Unatosha iwapo tu skeli inaanzia sifuri. Temeke mwaka 2022 ilikuwa na watu 1,346,674, yaani mara 1.4 hivi ya Kinondoni. Skeli ikianzia 900,000, pau ya Kinondoni inabaki na kimo cha watu 82,000 na ya Temeke 447,000, hivyo ya pili inaonekana ndefu zaidi ya mara tano. Kwa hiyo linganisha namba ulizosoma kwenye skeli, wala si vimo vinavyoonekana kwa jicho.

Swali: Mwaka 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049. Je, tuandike kwamba watu wamehama?
Hapana. Ufunguo hautofautishi rangi za miaka tu. Pamoja na tanbihi yake, unaeleza pia kila pau inahesabu eneo gani. Kati ya sensa hizo mbili, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Ukijumlisha Kinondoni na Ubungo za 2022 unapata watu 2,069,240, kwa hiyo eneo la zamani limeongezeka watu 294,191. Pau iliyofupika imeficha ongezeko.

Wapo watakaopinga kwamba mtihani hupima kilichochorwa, si historia ya mipaka. Pingamizi hilo lina uzito: tanbihi isipokuwepo, andika kwamba idadi iliyoonyeshwa imepungua, na usitaje sababu ambayo grafu haikuitoa. Wengine watasema muda hautoshi. Lakini kusoma maandishi manne ni kazi ya nusu dakika, ilhali kizio kilichorukwa huharibu kila jibu linalotokana na grafu hiyo, hata kama hesabu zake zimefanywa sawasawa.