Video ya bwawa ikae kwenye siku yake
(Maneno kwa makatibu wa vikundi vya mwethya, Kitui na Makueni)



Tangu SASOL ilipoanza kujenga mabwawa ya mchanga Kitui mwaka 1995, vikundi vingi vimeweka picha za kazi yao. Siku hizi twageuza video za kamera za zamani ziwe MP4 ili zifunguke kwenye simu. Faili mpya mara nyingi haichukui tarehe ya ile ya zamani, basi albamu ya simu inaipanga kwa siku ya kugeuzwa.

Tuchukue mfano. Kikundi kina video mbili za Novemba 2009. Moja yaonyesha ufa ukutani, asubuhi ya tarehe 17. Nyingine ni mafuriko ya usiku huo, saa nne na robo. Fundi adai ufa uliletwa na maji. Mpangilio ukivurugika, hakuna wa kujua ufa ulitangulia.

Kwanza, usifute faili ya zamani. Iulize tarehe kwa programu ya bure iitwayo ExifTool:

```
exiftool -time:all -G1 -s MVI_0412.AVI
```

Utaona mistari kadhaa. Tafuta DateTimeOriginal, ambayo iliandikwa na kamera yenyewe. FileModifyDate usiitegemee sana, kwa sababu yaweza kubadilika faili inaponakiliwa. Kisha andika tarehe ile pamoja na kichwa ndani ya faili mpya:

```
exiftool -api QuickTimeUTC "-CreateDate=2009:11:17 22:15:00+03:00" "-ItemList:Title=Mafuriko ya kwanza" mto.mp4
```

Yale maneno QuickTimeUTC na +03:00 msiyaache. Ndani ya MP4 saa huwekwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, nayo simu huongeza hizo tatu inapoonyesha. Ukiandika 22:15 bila maneno hayo, simu itaongeza tatu juu yake, na mafuriko yatasomeka saa saba na robo usiku, tarehe 18. Daftari la kikundi likisema 17, mtu atasema hayo ni mafuriko mengine.

ExifTool huacha nakala yenye mwisho _original. Fungua albamu kwanza, uone ufa umetangulia mafuriko, ndipo uifute nakala hiyo. Kichwa chaweza kukosa kuonekana kwenye simu nyingine, hata kama kimo ndani ya faili.

Jambo la mwisho: ikiwa saa ya kamera haikuwekwa sawa, mathalani betri ilitolewa, programu itarudisha uongo uleule. Hapo linganisha na daftari la kazi na waliokuwepo. Mkijua mwezi tu, andikeni tarehe 1, na kwenye kichwa mwongeze "siku haijulikani", ili asije mtu akaichukua kama ushahidi wa siku ile.