Tangazo la Keki na Vitafunio vya Nyumbani: Saa ya Mwisho, Muda wa Kula na Eneo la Kupeleka

(Maneno ya mazungumzo na waokaji wa nyumbani, Mombasa)

Mimi ninaokea jikoni kwangu, Tudor. Nimeombwa nizungumze juu ya tangazo tunaloweka WhatsApp, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Tangazo langu la mahamri lilisema: "Weka oda siku moja kabla." Ijumaa moja saa nne usiku, mama mmoja akaniandikia kwamba anataka mahamri 64 ya khitma, Jumamosi saa moja asubuhi. Nazi sina, na maduka yamefungwa. Nikamwambia amechelewa. Akanijibu, "Leo si Ijumaa? Si ndiyo siku moja kabla?" Alikuwa na haki. Wageni wake walikunywa chai kwa mkate, na mimi nikampoteza mteja.

Tangu siku hiyo ninaihesabu saa ya mwisho kwa kurudi nyuma. Kilo moja ya unga hunipa madonge manane, na kila donge nalikata vipande vinne. Basi mahamri 64 ni kilo mbili. Karai langu huchukua sita kwa mara moja, kwa hiyo kusukuma, kukata na kukaanga hunimalizia saa nzima na zaidi. Ili mzigo utoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lazima niwe mbele ya karai saa kumi na moja alfajiri. Unga naukanda usiku wa saa tatu kwa hamira kidogo, uumuke hadi alfajiri. Nazi na iliki zinunuliwe kabla ya magharibi. Kwa hiyo saa yangu ya mwisho ni saa kumi jioni ya siku iliyotangulia.

Andikeni saa kwa maneno, pamoja na sehemu ya siku. Ukiandika "saa 4", mmoja atasoma saa nne asubuhi, mwingine atafikiri ni saa kumi jioni kwa saa ya kizungu. Tena semeni oda huhesabiwa lini. Kwangu ni pale nusu ya malipo inapoingia kwa M-Pesa. Ujumbe wa "nitataka" bado si oda.

La pili ni muda wa kula. Msiandike "fresh kila siku", kwa maana halimwambii mteja chochote. Kila kitu kina muda wake, na muda huo unaamuliwa na kile kinachoharibika upesi zaidi ndani yake. Visheti vikavu hukaa siku kadhaa kwenye mkebe uliofungwa. Mahamri ni ya siku hiyo hiyo. Kesho yake huwa magumu. Yaacheni yapoe kidogo kabla ya kuyafunika, ama mvuke utayalowesha. Sambusa za nyama na keki ya krimu ya maziwa zisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwenye joto letu la Januari na Februari afadhali zisizidi saa moja. Harufu isiwadanganye: chakula kinaweza kumuumiza mtu kabla hakijanuka. Kwa hiyo andikeni muda unaanzia wapi: tangu kilipotoka jikoni, si tangu mteja alipofungua boksi.

Hapo ndipo eneo la kupeleka linapoingia, kwa sababu safari inakula muda huo huo. Zamani niliandika "Mombasa nzima". Siku moja keki ya krimu ilingoja foleni ya feri ya Likoni juu ya bodaboda, jua la saa nane. Ilifika imeinama upande, na maua yote yameyeyuka. Siku hizi nataja mitaa kwa majina. Mteja wa Likoni namuuzia visheti na keki kavu. Ya krimu anaipokea mwenyewe upande wa kisiwani, akiwa na kiboksi cha barafu.

Tangazo langu sasa linasomeka hivi:

*Mahamri ya nazi na iliki, kwa oda. Kuanzia mahamri 32.*
*Saa ya mwisho: saa kumi jioni, siku moja kabla. Oda huhesabiwa nusu ya malipo ikiingia.*
*Yaliwe siku hiyo hiyo.*
*Tunapeleka saa moja hadi saa tatu asubuhi: Tudor, Makupa, Kizingo, Mji wa Kale na Nyali. Likoni: pokea kwenye feri, upande wa kisiwani.*

Kabla hujalituma, mpe jirani alisome, kisha umuulize: "Ukitaka mahamri ya Jumamosi, mwisho wa kuniambia ni lini?" Akisita, rudi uliandike upya.