Duka la Katesh na tovuti yake: maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama



Kamati ilitutuma watu watatu tuangalie ombi moja la mkopo, na tumeambiwa tusome majibu yetu hadharani kwa sababu wengine wenye maduka Dongobesh na Haydom wameanza kuulizia jambo hilo hilo. Mwenye duka ameridhia. Anauza asali, mafuta ya alizeti na vitunguu saumu vinavyotoka Mbulu, na aliomba shilingi 1,800,000 za kumlipa fundi amjengee tovuti. Mkopo wetu hurudishwa kwa miezi 6. Kabla hata ya riba, ni shilingi 300,000 kila mwezi zitoke dukani, na tovuti yenyewe bado haijajulikana na mtu.

Kwa nini anaitaka? Tulimwuliza, na jibu lake halikuwa la fasheni. Tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang, daftari lake la wateja wa Arusha na Dar es Salaam lilikwenda na maji. Waliokuwa na namba yake walimpigia. Wengine hadi leo hawajulikani walikwenda kununua wapi. Anataka mahali ambapo mteja anaweza kumtafuta hata kama duka limefungwa. Hiyo ni sababu nzuri, na hatuikatai.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya fundi: anakujengea tovuti yako, halafu unapangisha nafasi kwenye mtambo wa kampuni inayozihifadhi. Ya pili ni ya kulipia ada: unaingia kwenye jukwaa kama Wix au Shopify, unachagua mfano uliokwisha kutengenezwa, unaweka picha na bei zako mwenyewe, na unalipa kwa dola muda wote unaoitumia. Fundi alimwambia dada yetu kwamba ada hizo ni mchwa, na kwamba baada ya miaka 4 hivi njia ya fundi itakuwa rahisi zaidi.

Tulikaa na karatasi tukaipiga hesabu yake. Hakudanganya. Mpango wa ada aliouchukua ulikuwa wa dola 29 kwa mwezi, yaani dola 348 kwa mwaka. Kwa shilingi 2,600 kwa dola hiyo ni 904,800. Upande wake, baada ya ile 1,800,000 ya kujenga, kuna 180,000 za nafasi na 300,000 za matengenezo kila mwaka, jumla 480,000. Tofauti ni 424,800 kwa mwaka. Gawanya, utapata miaka 4 na kidogo.

Lakini tukauliza: hizo dola 29 zinanunua nini? Zinanunua kikapu cha kuuzia na njia ya kupokea malipo ya kadi mle mle kwenye tovuti. Sasa, Wix na Shopify zina njia zao za kupokea kadi, ila njia hizo hazijafunguliwa kwa mfanyabiashara wa Tanzania. Na wateja wa dada yetu hawalipi kwa kadi. Wanapiga simu au wanaandika WhatsApp, wanakubaliana bei, wanatuma pesa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Angelipia mlango ambao haufunguki.

Ukiondoa kikapu, mpango wa chini tuliouona ulikuwa dola 17 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo. Ni dola 204, sawa na 530,400. Hapo tofauti na gharama za mwaka za njia ya fundi inabaki 50,400 tu. Kwa tofauti hiyo, ile 1,800,000 ingechukua zaidi ya miaka 35 kujirudisha. Tulirudia hesabu mara mbili, maana mmoja wetu hakuamini.

Tusiseme basi kwamba fundi hana kazi. Faida yake kubwa ni kwamba anaweza kuunganisha tovuti na malipo ya simu kwa kupitia kampuni zinazofanya kazi hiyo hapa nchini, kama Selcom au Pesapal, hata oda ikajithibitisha yenyewe pesa ikishaingia. Hiyo inafaa kwa mwenye oda nyingi kuliko anavyoweza kuzishika kwa simu. Dada yetu alituonyesha mwezi mmoja: oda 11 za nje ya Katesh. Oda 11 unazijibu ukiwa unapima mafuta.

Kuna jambo la bei pia. Vitunguu saumu havikai na bei moja. Wakati wa mavuno inaweza kubadilika kila wiki. Kwenye jukwaa la ada, unafungua simu, unagusa namba, unaandika nyingine. Kwa fundi inategemea amekujengea vipi. Mwanachama wetu mmoja alijengewa tovuti ambayo kila bei ilibidi ampigie fundi. Fundi alihamia mkoa mwingine, simu ikawa haipokelewi, na jina la tovuti lilikuwa limesajiliwa kwa jina la fundi. Bei za zamani zilibaki pale hadi tovuti ilipozimika. Wateja wakaja na bei hizo mkononi wakidai ni halali!

Ada nayo ina ubaya wake. Inakatwa kwenye kadi ya benki inayoruhusu manunuzi ya mtandaoni. Kadi ikiendelea kuwa tupu wakati wa kukatwa, tovuti inaweza kusimama. Dola haitulii: mwaka 2024 ilivuka 2,700, na kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Na ukitaka kuondoka, kurasa ulizojenga Wix huwezi kuzibeba kwenda kwingine. Unachoondoka nacho ni picha zako, orodha yako ya bidhaa, na jina la tovuti kama ulilisajili mwenyewe.

Kwa hiyo pendekezo letu kwako, dada, ni hili. Anza na mpango mdogo wa ada kwa mwaka mmoja. Kwanza kabisa sajili jina linaloishia `.co.tz` kwa wakala aliyesajiliwa, kwa jina lako na namba yako ya simu. Tuliambiwa kama 30,000 kwa mwaka. Jumla ni 560,400, na mkopo huo kamati iko tayari kuutoa. Kwa miezi 6 ni 93,400 kwa mwezi bila riba. Weka picha chache na uzipunguze ukubwa, kwa sababu tulipofungua mfano mmoja wenye picha kubwa kwenye simu ndogo pale Dongobesh, tulimaliza chai kabla haujafunguka. Kila mwisho wa mwezi nakili orodha ya bei na namba za wateja kwenye daftari mbili, moja ikae nyumbani kwa mweka hazina, mbali na mlima.

Andika kila oda iliyotokana na tovuti. Mwaka ukiisha utuletee hesabu hiyo. Ikiwa oda zimekushinda kwa simu, tutarudi kwa fundi, naye atajenga kwa WordPress ili fundi mwingine wa Babati au Arusha aweze kuendeleza, na theluthi ya mwisho ya malipo atapewa siku atakapokukabidhi maneno yote ya siri na wewe ukayabadilisha mbele yake.

Kadi ya benki umesema huna. Mmoja wetu anakwenda Babati Jumatano, mnaweza kuongozana.