Umejiunga au Umeunganishwa? Kauli za Kitenzi katika Barua ya Malalamiko kwa Kampuni ya Simu



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu nilitarajiwa, nadhani, kuzungumzia mnyambuliko wa vitenzi kwa mifano ya kawaida ya madarasani: Juma anampiga Ali, Ali anapigwa na Juma. Naomba radhi kwamba mifano yangu leo imetoka katika simu yangu ya mkononi, na kwamba imenigharimu shilingi 3,150.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi mwaka jana nilipokea ujumbe mfupi kutoka namba fupi ya tarakimu tano: “Umejiunga na huduma ya Habari. Utakatwa sh. 150 kwa siku. Kujiondoa tuma neno ONDOA.” Sikuusoma. Mtu wa umri wangu hupokea jumbe nyingi za namna hiyo, na huzifuta kama mtu afukuzavyo inzi. Nilistuka tarehe 27, nilipotaka kumpigia mdogo wangu wa Tanga nikaambiwa salio halitoshi, ilhali nilikuwa nimeweka vocha jana yake na sikuwa nimepiga simu hata moja.

Barua yangu ya kwanza kwa kampuni ilikuwa ya Kiswahili fasaha, na haikufaa kitu. Niliandika kwamba “fedha zangu zimeibwa”. Siku ya pili nilipigiwa na kijana mwenye adabu sana aliyeniuliza: “Shikamoo mzee, pesa ulimtumia nani, na muamala ulikuwa wa saa ngapi?” Neno “fedha” pamoja na neno “wizi” vilikuwa vimeipeleka barua yangu kwenye dawati la utapeli wa pesa za mtandao. Huko walitafuta muamala, hawakuuona, wakafunga lalamiko. Kwa msamiati wa kampuni, kilichokuwa kimepungua hakikuwa “fedha” bali “salio”, na kitendo hakikuwa “wizi” bali “makato”. Ikumbukwe kwamba salio hilohilo huuzwa kwa jina la “muda wa maongezi”, jina linalodai kuwa tunanunua muda, ingawa linahesabiwa kwa shilingi na hutumika kulipia mambo yasiyohusu maongezi kabisa.

Basi nikaona nikae na zile jumbe, nizisome kama ninavyosoma matini yoyote. Zilikuwa ishirini na mbili: ule wa kujiunga, na nyingine 21 zilizoanza na neno “Umekatwa”.

Tuanze na hili la pili. “Umekatwa sh. 150.” Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na mtenda hakutajwa. Hilo si jipya. Ashton, katika sarufi yake ya 1944, alikwisha kutofautisha kauli hii na kauli ya kutendeka. Kampuni ingaliweza kuandika “Salio limekatika”, na hapo hakuna mtenda hata wa kudhaniwa. Lakini “umekatwa” hubakiza nafasi ya mtenda, hata kama haijajazwa. Kuna aliyekata. Angalieni pia kwamba kiima cha sentensi ni mimi, si salio. Ni muundo uleule wa “amekatwa mkono”, ambamo mwenye kiungo hupandishwa kuwa kiima na kiungo hubaki nyuma ya kitenzi. Sarufi yenyewe inakiri kwamba salio ni changu kama mkono ulivyo wangu.

Ugumu uko kwenye “umejiunga”. Katika simu ya pili kijana yule aliniambia, tena kwa upole: “Mzee, mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe.” Nilimwuliza mfumo unaonyesha nini hasa. Akanisomea ujumbe ule niliokuwa nao mimi. Yaani ushahidi wa kwamba nilijiunga ulikuwa kitenzi “umejiunga”, kilichoandikwa na wao.

Wapo watakaosema kiambishi -ji- hakidai hiari ya mtenda, nami nakubali. Mtu hujikwaa, hujikata kwa kisu, hujigonga mlangoni, na hakuna anayemwuliza alikusudia nini. Lakini “jiunga” kimekwisha kuwa kitenzi chenye maisha yake. Mtu hujiunga na chama, na jeshi, na chuo, na katika matumizi hayo yote hiari ndiyo maana yenyewe. Asiyeamini ajaribu kusema “alijiunga na jeshi kwa kujikwaa”, asikie kama wasikilizaji hawatacheka. Kauli ambayo haikudai hiari ilikuwapo na ni nyepesi: “umeunganishwa”. Mzizi ni uleule -ung-, ukaongezwa viambishi vya kutendana na kutendesha, kisha -w- ya kutendwa, na kwa hiyo kuna aliyeunganisha.

Ni njia zipi humwunganisha mtu bila hiari? Nilizozijua ni tatu. Ya kwanza ni tangazo linalojitokeza ghafla kwenye kioo cha simu likiwa na kitufe cha “Sawa”. Unayetaka kulifuta huligusa, na kule kugusa huhesabiwa kuwa ombi. Ya pili ni kiungo ndani ya ukurasa wa mtandao. Ya tatu ni kukosea tarakimu katika menyu ya nyota na reli. Kila njia huacha alama tofauti katika kumbukumbu za kampuni: tarehe, saa, na njia iliyotumika. Alama hizo mteja hawezi kuziona. Anaweza tu kuziomba, na ni lazima aziombe kwa jina lake.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Nawasomea sehemu yake:

“Nalalamikia makato ya huduma ya ziada kupitia namba fupi iliyotajwa hapo juu. Kati ya tarehe 5 na 27 Machi nimekatwa mara 21, sh. 150 kila mara, jumla sh. 3,150. Tarehe 18 na 19 sikukatwa kwa kuwa salio halikutosha. Nimejiondoa tarehe 27. Sikujiunga, niliunganishwa. Naomba kumbukumbu ya kuunganishwa: tarehe, saa na njia. Kama haipo, naomba salio lirejeshwe. Naomba pia namba ya lalamiko hili.”

Zile siku mbili nilizitaja kwa makusudi. Ningezidisha siku 23 kwa 150 ningepata 3,450, hesabu yangu isingelingana na yao, na lalamiko lingerudishwa kwa kosa hilo tu. Namba ya lalamiko nayo si pambo. Hapa Tanzania, mteja asiporidhika na jibu la kampuni anaweza kwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, lakini swali la kwanza huko ni kama alianza kwa mtoa huduma, na namba hiyo ndiyo jibu.

Sikuhitaji kufika huko. Siku ya sita nilipata ujumbe, ambao nimeuhifadhi na wanafunzi wangu wa mofolojia wameuchambua hadi wameuchoka: “Ndugu mteja, salio lako la sh. 3,150 limerejeshwa. Umeondolewa kwenye huduma ya Habari.”

Kumbukumbu niliyoomba hawakuileta. Nami, wenzangu, nilikuwa nimejiondoa siku sita kabla, kwa kidole changu mwenyewe, kwa kutuma neno ONDOA. Na hapo ndipo walipoona wanyambue kitenzi katika kauli ya kutendwa.