Muuza Sato na Daftari Lake

Niwasimulie hadithi fupi.

Binti mmoja aliuza sato Bukoba. Kila jioni aliweka Instagram picha ya ziwa. Sifa alipata, lakini samaki walibaki kwenye deli la barafu.

Dada yake akamsaidia kugeuza akaunti kuwa ya biashara, ili aone takwimu zake. Baada ya wiki mbili wakafungua daftari, wakachora safu mbili: walioiona picha, na walioandika kuuliza bei. Picha ya ziwa iliwafikia watu 900, hakuuliza hata mmoja. Picha ya sato juu ya mizani, yenye ukungu, iliwafikia 140, wakauliza 11. Walipotazama miji ya wafuasi, wengi walikuwa Dar es Salaam. Sato mbichi hawezi kuwasubiri.

Akabadilisha. Sasa mitumbwi ikifika mwaloni alfajiri, anapiga picha ya samaki mizanini, anaandika bei ya kilo, mahali alipo, na kwamba oda zinafungwa saa 4 asubuhi. Sifa zilipungua, lakini deli likaanza kuwa tupu kabla ya adhuhuri.

Hata hivyo, takwimu hizo hazionyeshi nani alilipa. Kwa hiyo kila mteja anamwuliza, "Umejuaje nina samaki leo?" Jibu analiandika daftarini, safu ya tatu.