Saa Tatu ya Mchana: Hesabu ya Macheo na Kosa Linalojificha Usiku



Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, amekuwa akitetea hoja kwamba tuache kuhesabu saa kwa Kiswahili katika matangazo na maandishi ya ofisi, tuhesabu kama Kifaransa: saa nane ya asubuhi, saa kumi na nne. Anasema hesabu yetu haina uhakika kwa kuwa imefungwa kwenye macheo, na jua halichomozi wakati uleule kila siku. Anaongeza kwamba tukibaki nayo, mgeni hatakosa kuteleza kwa muda wa saa sita. Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno, na leo nataka kuichambua mpaka ndani.

Tuanze na jua. Mji wetu wa Butembo uko karibu kabisa na ikweta, na uko jirani sana na mstari wa longitudo 30 mashariki, ambao ndio msingi wa majira ya mashariki ya Kongo. Kwa hiyo mwaka mzima jua la Butembo huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasorobo na saa kumi na mbili na robo, yaani takriban 5h45 hadi 6h15. Tofauti nzima ni nusu saa. Kampala, ambako saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Ikiwa kuna mji ambao saa moja asubuhi ni kweli mwisho wa saa ya kwanza ya mwanga, ni huu wetu. Tena hakuna anayerekebisha saa ya ukutani kila alfajiri. Macheo yalitoa mwanzo wa hesabu. Baada ya hapo hesabu imesimama palepale, muda wa saa sita kamili kutoka ile ya Wazungu, na dakika ni zilezile. Nusu yao ni nusu yetu. Hoja ya kukosa uhakika inaishia hapo.

Hoja ya mgeni kuteleza ina uzito zaidi. Ili tuipime, tufungue maandishi niyapendayo kuliko yote katika jambo hili, Mathayo sura ya 20, habari ya mwenye shamba la mizabibu. Mnaijua. Wa kwanza wanaajiriwa asubuhi na mapema, kisha wengine wanachukuliwa saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Hivyo ndivyo inavyosomeka katika Biblia ya Union Version ya 1952, na namba hizo ni zilezile za Kigiriki, bila kuongeza wala kupunguza. Watu wa Mediterania ya zamani nao walihesabu mchana tangu macheo. Mfaransa anayesoma tafsiri ya Segond hukuta saa ya tatu na saa ya kumi na moja, akahitaji maelezo pembeni. Mama wa Butembo anayetoka shambani jioni hahitaji maelezo. Anajua kwamba aliyeanza saa kumi na moja amefanya kazi saa moja tu kabla ya giza, na analielewa papo hapo lalamiko la wale waliochomwa na jua kutwa nzima.

Sasa mpe mfasiri tafsiri ya Kifaransa cha leo, ambayo imekwisha kuzigeuza saa hizo ziwe 9h, adhuhuri, saa tatu ya baada ya adhuhuri na saa tano ya jioni. Akinakili namba, vibarua wa pili wataajiriwa saa tisa, wale wa adhuhuri watabaki saa sita kwa sababu neno lenyewe limewaokoa, wanaofuata wataajiriwa saa tatu na wa mwisho saa tano. Mpangilio wote umevunjika: waliochelewa wamewatangulia waliowahi, na msomaji yeyote atasimama na kuuliza. Angekuwa na Segond mkononi, kunakili kungekuwa sahihi. Basi kabla ya kugusa namba, mfasiri aulize kwanza matini iliyo mbele yake inahesabu tangu macheo au tangu usiku wa manane. Kanuni ya kutoa sita, wanayofundishwa wanafunzi, haijui swali hilo.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo mwenzangu hakuliona. Mchana wetu umegawanywa kwa maneno mengi: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Kila neno lina saa zake. Aliyenakili 9h ya asubuhi akaandika saa tisa asubuhi, kosa lake linajitangaza, kwa kuwa asubuhi haina saa tisa. Lakini usiku una neno moja refu, kuanzia saa moja hadi saa kumi. Chukua 20h, uandike saa nane usiku: sentensi ni safi, haina doa, na umemsogeza msomaji hadi 2h. Chukua 3h, uandike saa tatu usiku: safi vilevile, nayo ni 21h. Kosa la mchana husikika. La usiku hupita kimya.

Niliwahi kuona tangazo la ofisi moja, lililobandikwa mtaani kwa lugha mbili, kwamba maji yangefungwa. Kifaransa kilisema 21h, Kiswahili kikasema saa tisa usiku. Jirani yangu alipanga kula kwanza, kuosha vyombo, ndipo ajaze madumu kabla ya kulala. Alipofungua bomba, lilikuwa kavu. Wasomaji wengi walikuwa wamelipitia tangazo hilo, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo nawaambia wanafunzi wangu: msitoe sita. Tazameni saa ya mishale, msome namba iliyo mkabala na ule mshale mfupi. Mshale ukiwa kwenye 8, mkabala ni 2, saa mbili. Jicho halipotei njiani kama hesabu ya kichwa inavyopotea kwenye 0h30, ambayo ni saa sita na nusu usiku. Kisha, kwa matangazo ya usiku, rudisheni Kiswahili chenu kwenye Kifaransa na mlinganishe na asili, kwa sababu masikio hayatawasaidia.

Msimamo wangu wa pili una wapinzani wengi. Nasema baada ya neno saa tuandike maneno, si tarakimu, na tarakimu tuziachie Kifaransa pamoja na h yake. Najua magazeti ya Tanzania huandika saa 2:00 asubuhi na wasomaji wao hawatatiziki; kule hesabu ni moja. Sisi tuna mbili katika karatasi moja, na saa 8:00 kwenye ukuta wa Butembo inasomwa na mwanafunzi hivi na mchuuzi vile. Nimezipima hoja zote za wapinzani wangu, na bado naandika saa mbili asubuhi, 8h00.

Mfanyabiashara anayekwenda Kampala aongezewe jambo moja. Akiitwa ofisini kule saa nne asubuhi, ajue kwamba mpakani, akivuka kutoka Kasindi kwenda Mpondwe, saa yake husonga mbele kwa saa moja. Saa nne ya Kampala ni saa tatu ya Butembo. Mfasiri wa barua aandike: saa nne asubuhi, majira ya Uganda.

Na liko kosa lingine linalobaki hata baada ya saa kupatikana, nalo ni la siku. Kifaransa kikisema Jumatano 2h, saa ni nane usiku. Lakini ukiandika Jumatano saa nane usiku, wengi wataungoja usiku unaofuata mchana wa Jumatano, wachelewe siku nzima. Andika hivi: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa nane, na kando yake, Jumatano, 2h00.